Wanafunzi watatu, alama moja: Jinsi ya kutoa gredi ya insha bila kuficha vigezo

Majuzi mwalimu mmoja wa sekondari msingi, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu chuoni, alinijia akiwa na bahasha ya karatasi za insha. Baada ya shikamoo na marahaba, alizitoa karatasi tatu akazipanga mezani, kisha akaniuliza, "Profesa, hebu niambie. Hawa watoto watatu wote wamepata 15 kati ya 20. Je, wanafanana?"

Nilizisoma. Wapi! Hawakufanana hata kidogo. Swali la mwalimu huyu ndilo kiini cha makala haya, kwa kuwa naamini linawasumbua walimu wengi wanaotahini kwa kutumia rubriki, na pia wazazi wanaopokea ripoti za muhula bila kujua kilicho nyuma ya ile gredi moja iliyoandikwa mbele ya neno "Kiswahili".

Wanafunzi hao walikuwa wametakiwa kuandika insha ya maelezo kuhusu hali ya soko la karibu na kwao asubuhi. Mwalimu aliitahini kwa vigezo vitano: maudhui, mpangilio, msamiati, sarufi, na hijai pamoja na uakifishaji. Kila kigezo kilikuwa na viwango vinne tunavyovijua sote katika mtaala wa umilisi: Kuzidisha Matarajio (4), Kufikia Matarajio (3), Kukaribia Matarajio (2) na Mbali na Matarajio (1).

Mwanafunzi wa kwanza alipata 3 katika kila kigezo. Insha yake ilikuwa safi na yenye utaratibu, ingawa haikuwa na jambo la kumfanya msomaji asimame kidogo.

Mwanafunzi wa pili alipata 4 katika maudhui, 4 katika mpangilio na 4 katika msamiati. Ilikuwa wazi kwamba huyu mtoto anakwenda sokoni kwa hakika, si kwa kuhadithiwa. Aliandika kuhusu malori yanayofika kabla ya alfajiri, gorogoro la kupimia mahindi, na mama anayeficha nyanya zilizopondeka chini ya zile nzima. Lakini sarufi ilimwangusha hadi 1. Aliandika "magunia ya viazi zilikuwa zinashushwa", "mahindi imeanikwa", "mikokoteni zinapita". Upatanisho wa kisarufi ulikuwa umemponyoka karibu katika kila sentensi. Katika hijai alipata 2.

Mwanafunzi wa tatu alipata 4 katika msamiati, 4 katika sarufi na 4 katika hijai. Kiswahili chake kilimeremeta. Tatizo ni kwamba aliandika kuhusu safari ya kwenda Mombasa na ajali iliyotokea njiani. Soko lilitajwa mara moja tu, katika aya ya mwisho, kama mgeni aliyefika baada ya pilau kwisha. Mwalimu yeyote aliyewahi kutahini insha anaijua kazi ya namna hii. Ni insha iliyokaririwa nyumbani na kubebwa hadi darasani, ikingoja swali lolote litakalotokea. Maudhui alipata 1 na mpangilio 2.

Jumlisha sasa. Wa kwanza, 3 mara tano ni 15. Wa pili, 4, 4, 4, 1 na 2 ni 15. Wa tatu, 1, 2, 4, 4 na 4 ni 15. Shuleni kwake, mwalimu alitakiwa kugeuza alama hizo kuwa asilimia ili ziingizwe katika mfumo wa ripoti. Alifanya ambacho wengi hufanya: 15 gawanya kwa 20, asilimia 75. Watoto watatu wakapata gredi moja.

Hapa kuna makosa mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni la hesabu na la pili ni la maana. Tuanze na lile la hesabu kwa sababu ndilo linalopita bila kuonekana.

Kiwango katika rubriki si sehemu ya jumla kama ilivyo katika maswali ya kuchagua jibu. Mtoto akipata maswali 3 kati ya 4, ni sahihi kusema amepata asilimia 75. Lakini kiwango cha 3 katika rubriki ni jina la ngazi. Kinasema mtoto amefikia yaliyotarajiwa. Tungeweza kuziita ngazi hizo A, B, C na D, au nyekundu, njano, kijani na buluu, na maana isingebadilika. Ukigawanya 3 kwa 4 umelifanya jina kuwa kipimo, na ngazi hainaye aliyeiahidi kuwa robo tatu ya kitu chochote.

Madhara yake yanaonekana mara tu tunapoweka asilimia hizo kwenye mizani inayotumiwa na Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC) katika tathmini ya kumaliza sekondari msingi, ambayo ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Mizani hiyo ina pointi 8, na kila kiwango kati ya vile vinne kimegawanywa mara mbili. Kuzidisha Matarajio huanzia asilimia 75, Kufikia ni kati ya 41 na 74, Kukaribia ni kati ya 21 na 40, na Mbali na Matarajio ni 20 kwenda chini. Shule nyingi zimezoea kuifuata mizani hiyo hata katika kazi za darasani.

Sasa mchukue mtoto aliyepata 3 katika vigezo vyote. Mwalimu mwenyewe, akiisoma kazi, ameamua mara tano kwamba mtoto amefikia matarajio. Akigawanya anapata asilimia 75, na ripoti inasema amezidisha matarajio. Mchukue aliyepata 2 kila mahali, yaani anakaribia. Kwa kugawanya ana asilimia 50, na ripoti inasema amefikia. Hata yule aliyepata 1 kila mahali, ambaye yuko mbali kabisa na matarajio, atapata asilimia 25 na kuandikiwa kwamba anakaribia. Kila mtoto aliye chini ya kiwango cha juu amepandishwa ngazi moja, na aliyempandisha si mwalimu bali ni kikokotoo.

Sababu ni rahisi. Katika rubriki ya viwango vinne hakuna sufuri. Alama ya chini kabisa kwa vigezo vitano ni 5, si 0. Mtoto anapewa robo ya alama kabla hajaandika neno. Kwa hivyo, ikiwa shule inadai asilimia, toa kwanza kile kiasi cha bure pande zote mbili: alama za mtoto toa alama ya chini kabisa, kisha gawanya kwa alama ya juu toa ile ya chini. Kwa wanafunzi wetu watatu, 15 toa 5 ni 10; 20 toa 5 ni 15; na 10 gawanya kwa 15 ni takriban asilimia 67. Hiyo inaangukia katika Kufikia Matarajio, pointi 6. Mwenye 2 kila mahali anapata asilimia 33, yaani Kukaribia. Neno la mwalimu na neno la ripoti sasa yanakubaliana.

Njia hii ina mpaka wake. Bado inachukulia kwamba umbali kati ya 1 na 2 ni sawa na umbali kati ya 3 na 4, jambo ambalo rubriki yenyewe haikusema. Tena, aliye na 1 kila mahali anapata sufuri, na si haki kumpa sufuri mtoto aliyekaa akaandika ukurasa mzima. Huyo apewe pointi 1, ngazi ya mwisho ya mizani. Lakini walau haimdanganyi mzazi kuhusu ngazi aliyopo mtoto wake.

Hata hivyo, tumerekebisha hesabu tu. Watoto wetu watatu bado wanalingana, kila mmoja na asilimia yake 67. Hapo ndipo tunapofikia kosa la pili.

Kujumlisha vigezo ni kukubali kwamba kimoja kinaweza kulipia kingine. Sarufi nzuri inalipa deni la maudhui, na maudhui mazuri yanalipa deni la sarufi. Wakati mwingine hilo ni sawa. Hijai hafifu kidogo inaweza kufidiwa na mpangilio mzuri bila mtu kulalamika. Lakini hakuna sarufi duniani inayoweza kuifanya insha ya ajali kuwa insha ya soko.

Dawa ambayo wengi huikimbilia ni kuvipa vigezo uzito tofauti. Mwalimu wangu aliijaribu pale pale mezani. Alitoa uzito wa 3 kwa maudhui, 2 kwa mpangilio, 2 kwa msamiati, 2 kwa sarufi na 1 kwa hijai. Uzito wote ni 10, kwa hivyo alama ya juu ni 40 na ya chini ni 10. Mwanafunzi wa kwanza akapata 30, wa pili 32, wa tatu 27. Tukitoa zile 10 za bure na kugawanya kwa 30, tunapata asilimia 67, 73 na 57. Mwalimu akatabasamu. "Umeona, Profesa? Wametengana."

Nikamwomba abadilishe jambo moja tu: maudhui yapewe 2 na sarufi ipewe 3. Kuna walimu wazuri wanaoamini hivyo. Akakokotoa tena. Wa kwanza alibaki na 30, kwa sababu aliye sawa kila mahali hatikiswi na uzito wowote. Wa pili akashuka hadi 29. Wa tatu, aliyeandika kuhusu ajali, akapanda hadi 30 na kulingana na wa kwanza. Tabasamu likapungua.

Nilitaka alione hili: uzito ni uamuzi kuhusu kinachothaminiwa, na uamuzi huo unaweza kumweka mtoto huyo huyo juu au chini bila insha yake kubadilika hata nukta. Kwa hiyo uzito ni sharti uamuliwe kabla ya karatasi kusahihishwa, na wanafunzi wauone kabla ya kuandika. Mwalimu anayechezea uzito baada ya kuona matokeo huwa tayari ameamua nani ashinde, anatafuta tu hesabu ya kumuunga mkono.

Na hata uzito ukiamuliwa vyema, bado unaficha. Asilimia 73 za mwanafunzi wa pili hazimwambii yeyote kwamba ngeli zimemshinda. Mzazi wake atafurahi, mwalimu wa mwaka ujao ataona mtoto hodari, na "mikokoteni zinapita" itaendelea kupita hadi sekondari ya juu.

Tufanye nini, basi? Nilimpendekezea mwalimu mambo mawili, na ningependa kuyaeleza polepole.

La kwanza ni kizingiti. Chagua kigezo ambacho, mtoto akikikosa, kazi yenyewe haijafanywa. Kisha weka kanuni kwamba mwenye 1 katika kigezo hicho hawezi kupewa gredi ya juu kuliko Kukaribia, hata jumla yake iwe kubwa kiasi gani. Kizingiti hakiongezi wala kupunguza alama za vigezo vingine. Kinazuia tu kufidiana mahali ambapo kufidiana hakuna maana.

Watahini wa zamani wataona kwamba sijaleta jambo jipya. Katika karatasi ya insha ya KCSE, ambapo kila insha hutuzwa alama 20, viwango ni vinne: D ni alama 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15 na A ni 16 hadi 20. Mtahiniwa anayepotoka kimaudhui huwekwa katika kiwango D, hata kama lugha yake ni tamu kama halua ya Lamu. Hicho ndicho kizingiti. Tulipohamia kwenye rubriki za vigezo vingi na kuanza kujumlisha, tulikisahau njiani.

Swali gumu ni vigezo vipi viwekewe kizingiti. Mwalimu alitaka maudhui na sarufi vyote viwekewe. Hoja yake ilikuwa kwamba hili ni somo la Kiswahili, na asiyejua upatanisho hajafikia matarajio ya Kiswahili. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini ukiifuata, mwanafunzi wa pili anashuka hadi Kukaribia na kukaa safu moja na yule wa ajali. Mmoja alifanya kazi aliyopewa kwa lugha yenye kasoro. Mwingine hakuifanya kazi aliyopewa. Tukiwapa gredi moja tumerudi pale pale tulipotoka.

Ndiyo maana mimi ningeweka kizingiti kwenye maudhui pekee katika insha, na kwenye sarufi katika zoezi lililotungwa mahsusi kupima sarufi. Vizingiti vikiwa vingi, kila mtoto atajikwaa mahali, na gredi zote zitaanza kufanana upya, safari hii kwa upande wa chini. Kizingiti kimoja, kilichotangazwa mapema, kinatosha.

Kuna tahadhari moja. Kizingiti hufanya tofauti kati ya 1 na 2 kuwa nzito sana, na tofauti hiyo hutegemea jicho la mtu mmoja aliyechoka saa nne usiku. Basi pale ambapo kizingiti ndicho kinachoamua gredi, karatasi hiyo isomwe na mwalimu wa pili, bila kuonyeshwa alama ya kwanza. Si karatasi zote, ni zile chache tu zilizokwama mlangoni.

La pili, na ndilo muhimu zaidi, ni kwamba gredi isitembee peke yake. Iandikwe pamoja na alama za vigezo, katika mstari mmoja, kila inapokwenda: kwenye karatasi ya mtoto, kwenye daftari la mwalimu na kwenye ripoti ya mzazi. Kwa wanafunzi wetu, tukitumia ule uzito wa kwanza na kizingiti cha maudhui, mistari itakuwa hivi:

Wa kwanza: Kufikia, pointi 6. Maudhui 3, mpangilio 3, msamiati 3, sarufi 3, hijai 3.

Wa pili: Kufikia, pointi 6. Maudhui 4, mpangilio 4, msamiati 4, sarufi 1, hijai 2.

Wa tatu: Kukaribia, pointi 4 (kizingiti cha maudhui). Maudhui 1, mpangilio 2, msamiati 4, sarufi 4, hijai 4.

Tazama wa kwanza na wa pili. Gredi yao ni moja, na sioni ubaya, kwani gredi ni neno fupi mno kubeba kila kitu. Lakini mwenye kusoma mstari mzima hawezi kuwachanganya. Wa kwanza anahitaji kusukumwa aandike jambo linalomgusa. Wa pili anahitaji wiki chache za upatanisho wa ngeli, hasa LI-YA na U-I, na asiguswe mahali pengine asije akapoteza kipaji chake. Wa tatu anahitaji kuambiwa, kwa upole lakini waziwazi, kwamba tumeitambua insha ya kukariri, na kwamba mtu mwenye Kiswahili kama chake hana haja ya kuibeba.

Ili kujua ni mistari ipi inayohitaji kusomwa kwa makini, kuna kipimo kidogo kisichohitaji kikokotoo. Toa alama ndogo kabisa kutoka kwa alama kubwa kabisa ya mwanafunzi. Wa kwanza, 3 toa 3 ni 0. Wa pili na wa tatu, 4 toa 1 ni 3. Tofauti ikiwa 0 au 1, gredi inamweleza mtoto vizuri. Ikiwa 2 au 3, gredi peke yake inapotosha, na mwalimu aongeze sentensi moja ya maelezo. Mwalimu mwenye wanafunzi 50 hawezi kuandika maelezo marefu kwa wote, lakini kwa wale wenye tofauti kubwa anaweza.

Hata hivyo, mbinu hizi zote hazitasaidia chochote ikiwa tofauti zilifichwa kabla ya hesabu kuanza. Hili hutokea mara nyingi kuliko tunavyokiri. Mwalimu anasoma insha, anaipenda, anaandika 3, 3, 3, 3, 3. Anasoma nyingine, inamchosha, anaandika 2, 2, 2, 2, 2. Vigezo ni vitano kwa jina, lakini hukumu ni moja iliyonakiliwa mara tano. Utaitambua hali hii ukitazama orodha ya darasa. Ikiwa safu nyingi zina tarakimu moja inayojirudia kutoka mwanzo hadi mwisho, si kwamba umepata darasa la ajabu lenye watoto waliolingana kila mahali. Ni kwamba hukutahini vigezo, ulitahini hisia.

Tiba yake inachosha kidogo lakini inafanya kazi. Usitahini karatasi moja kwa vigezo vyote kisha uhamie nyingine. Tahini maudhui katika karatasi zote kwanza. Ziweke chini, zichanganye, kisha urudi kwa sarufi, na kuendelea. Ukifika kwenye sarufi umeshasahau nani alikufurahisha kwa habari ya nyanya zilizopondeka. Asiyeweza kuzipitia mara tano, azipitie walau mara mbili: maudhui na mpangilio kwa mpigo mmoja, lugha kwa mpigo mwingine.

Angalia pia kosa moja lisiadhibiwe mara mbili. "Mahindi imeanikwa" ni kosa la upatanisho, kwa hivyo ni la sarufi. Lakini nimeona watahini wakilitoza katika sarufi, kisha wakalihesabu tena katika msamiati eti kwa kuwa neno halikutumiwa ipasavyo. Kosa hilo basi limepewa uzito wa vigezo viwili bila mtu yeyote kuamua hivyo. Kabla ya kuanza, andika pembeni mwa rubriki aina za makosa na kigezo ambamo kila aina itahesabiwa, na kila moja iwe na nyumba moja tu.

Nimalizie na gredi ya muhula, kwa sababu hapo ndipo yote haya huweza kuporomoka. Tuseme darasa limeandika insha tatu. Wengi hutoa wastani wa jumla za insha tatu na kuandika gredi. Sasa fikiria watoto wawili. Mmoja alipata katika sarufi 1, kisha 2, kisha 3. Mwingine alipata 3, kisha 2, kisha 1. Wastani wa kila mmoja ni 2. Lakini mmoja anapanda mlima na mwingine anateremka, na anayeteremka huenda ana shida ambayo hakuna mtu amemuuliza.

Kwa hiyo usichanganye jumla na jumla. Fuata kigezo kimoja kimoja katika muhula mzima kwanza: sarufi na sarufi, maudhui na maudhui. Katika kila kigezo uliza mtoto sasa yuko wapi, ukizipa kazi za karibuni nguvu zaidi kuliko za mwanzo. Ukishapata kiwango cha kila kigezo, ndipo utie uzito, uangalie kizingiti, utoe gredi, na uandike mstari wote. Kazi ni ile ile na tarakimu ni zile zile, ila mpangilio wa hesabu umebadilika.

Mwalimu wangu alizikusanya karatasi zake. Kabla ya kuondoka alichukua ile ya mwanafunzi wa pili, akafuta asilimia 75 iliyokuwa juu kwa wino mwekundu, akaandika ule mstari mzima mahali pake. Chini yake akaongeza: "Nimeliona soko. Sasa tuyaweke magunia katika ngeli yake." Kisha akaniuliza iwapo mfumo wa ripoti wa shule yao una nafasi ya kuandika tarakimu tano badala ya moja. Nikamwambia hilo akamuulize mwalimu mkuu, na kama nafasi haipo, abandike karatasi.